Saa Sita za Tofauti: Ratiba ya Reli na Siku ya Waswahili

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilipita katika nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wakizihesabu saa kwa jua. Ratiba, kwa upande wake, ilihesabu siku kuanzia usiku wa manane. Tangu hapo msafiri amekuwa na kazi ya kutafsiri tarakimu kila anaposoma ubao wa stesheni, na aghalabu huifanya bila kujua kwamba anatafsiri.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Katika saa ya ukutani, namba ya Kiswahili ndiyo iliyo mkabala wa ile inayoonyeshwa na mshale mfupi: mshale ukiwa kwenye tisa, msemaji husema saa tatu. Kwa ratiba za saa 24, kabla ya 07:00 huongezwa sita. Kuanzia 07:00 hadi kabla ya 19:00 hutolewa sita. Kuanzia 19:00 hutolewa kumi na nane. Basi 21:00 ni saa tatu usiku, na 20:45 ni saa tatu kasorobo. Dakika hazibadiliki.

Mfumo huu uliweza kukaa kwa sababu mwambao uko karibu na ikweta. Unguja, kwenye latitudo 6 Kusini, mchana mrefu kabisa wa mwaka humzidi ule mfupi kabisa kwa muda usiotimia saa nzima, kwa hiyo mchana wa saa kumi na mbili hauko mbali na ukweli. Hata hivyo, uhusiano wa saa na jua umelegea. Afrika Mashariki leo hufuata wakati wa longitudo 45 Mashariki, mstari usiopita hata Kenya. Kigoma iko kwenye takriban longitudo 29.6, jua huwa limechelewa huko kwa saa moja hivi. Saa kumi na mbili ya asubuhi, ambayo kwa asili yake ni mapambazuko, Kigoma huwa bado giza. Kwa hiyo saa ya Kiswahili ya leo ni saa ya mitambo iliyosogezwa sita. Jua limeiachia jina tu.

Ugumu wa kweli uko kwenye siku. Katika hesabu ya zamani ya mwambao, iliyofungamana na kalenda ya Kiislamu, siku huanza magharibi jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa, kwa wanaofuata hesabu hiyo, ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Wengine, na hasa waliozoea ofisi na shule, wakisema Ijumaa usiku humaanisha usiku unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa. Maneno yanakaribiana, nyusiku ni mbili.

Ichukuliwe, kwa mfano, treni ambayo ratiba yake inasema itaondoka Morogoro 00:30, Jumamosi tarehe 14. Karani akiongeza sita hupata saa sita na nusu usiku, na hapo hajakosea. Lakini akimwambia abiria "Jumamosi, saa sita na nusu usiku", abiria huyo atashinda Jumamosi nyumbani, atafunga mizigo jioni, na kufika stesheni saa ishirini na nne baada ya treni kuondoka. Lugha ina dawa yake: usiku wa kuamkia Jumamosi. Kirai hiki hakimwachii msikilizaji nafasi ya kuchagua, kwa kuwa kinautaja usiku kwa asubuhi unayoielekea. Salama zaidi ni kutaja tarehe zote mbili: usiku wa tarehe 13 kuamkia tarehe 14.

Kosa la pili ni la tarakimu zilizonakiliwa bila kutafsiriwa. Mchana hujifichua lenyewe. Anayeandika "saa 9 asubuhi" kwa 09:00 husahihishwa na neno lake, maana saa tisa haina asubuhi. Ina mchana au usiku. Maneno kama alfajiri, asubuhi, mchana na jioni hufanya kazi ya mhakiki. Usiku mhakiki huyo hulala. "Saa 9 usiku" ni 03:00 kwa Kiswahili sahihi, ila aliyenakili saa tisa ya usiku ya Kiingereza, yaani 21:00, ataandika vivyo hivyo, na neno usiku litazikubali zote mbili. Hali ni hiyo hiyo kwa saa 7 na saa 8. Msomaji anayekutana na tangazo kama hilo hana njia ya kulihakiki ndani ya sentensi. Hana budi kutazama safari zilizo jirani, kama kituo kinachofuata kimeandikwa saa 11 alfajiri au saa 5 usiku, ndipo ajue hesabu iliyotumika.