Tarehe ya Asturlabu za Lahore

Asturlabu mashuhuri za Lahore zilitoka mikononi mwa ukoo mmoja kwa vizazi vinne. Jadi yao ni Sheikh Allahdad, ambaye kazi yake mojawapo ina tarehe ya 1567. Mwanawe alikuwa Mulla Isa. Wajukuu, Kaim Muhammad na Muhammad Mukim. Lakini fundi mkuu ni kitukuu, Dhiyauddin Muhammad bin Kaim Muhammad, wa zama za Shah Jahan na Aurangzeb. Hakuna aliyemfikia kwa wingi wa kazi. Juu ya shaba alichora nasaba yake mpaka kwa Allahdad pamoja na cheo chake cha Humayuni, basi anayebisha heshima ya ukoo huu akaisome hapo.

Msafiri alikishika chombo kwa kitanzi cha juu, kikaning'inia wima chenyewe. Mgongoni kuna rula inayozunguka juu ya duara la nyuzi, yenye vibao viwili vidogo vilivyotobolewa. Usiku jicho liliifuata nyota kupitia matundu yote mawili, na ncha ya rula ikaonyesha kimo chake juu ya upeo wa macho. Jua halikutazamwa: rula iligeuzwa mpaka mwale uliopita tundu la juu ukaangukia tundu la chini.

Wako wadhanio kwamba Wareno ndio waliowafundisha mabaharia wa Bahari ya Hindi kupima nyota. Mwandishi wao wenyewe, João de Barros, anaeleza kuwa Malindi, mwaka 1498, Vasco da Gama alimwonyesha rubani asturlabu zake, na rubani hakushangaa hata kidogo, kwani alikuwa na vibao vyake vya kupimia nyota.

Tuseme ni siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, na asubuhi jua limepimwa Lahore likiwa nyuzi 30. Mbele ya chombo kuna sahani ya latitudo ya Lahore, karibu nyuzi 32, na juu yake wavu wa shaba wenye nyota na njia ya jua. Alama ya jua ya siku hiyo huwekwa kwenye upeo wa mashariki, kisha wavu huzungushwa mpaka alama ifike kwenye mstari wa kimo cha 30. Wavu umezunguka nyuzi 36. Kila nyuzi 15 ni saa moja, kwa hiyo ni saa 2 na dakika 24 asubuhi. Mistari ya pande inaonyesha kuwa jua liko nyuzi 21 kusini mwa mashariki. Kutoka hapo msafiri hujua mashariki, na kibla.

Karibu na adhuhuri saa haipatikani vizuri, maana katika nusu saa ya mwisho jua halipandi hata nyuzi moja. Sahani nayo hufaa latitudo yake tu. Ndiyo maana tumboni mwa chombo mafundi wa Lahore walichora orodha ya miji na latitudo zake, na msafiri alichagua sahani kwayo. Siku ile ya Machi alihakikisha hivi: kimo cha jua la adhuhuri, 58, kikitolewa katika 90, kinabaki 32. Ikibaki tofauti, sahani si ya mahali hapo.