Mbona Ukuta wa Nyanya Unachemka?

Nilikuza video ya zamani, kanda ya VHS ya harusi ya shangazi huku Uriri. Ukiisimamisha, picha ni safi kabisa. Ukiicheza, ukuta wa udongo wa nyanya unachemka kama uji.

Sasa, ukuta haukusonga. Kilichosonga ni makisio. Programu yangu ilitazama kila fremu peke yake. Chenga za kanda hubadilika kila fremu, kwa hivyo kila mara programu ilibuni nyufa tofauti, mara 25 kwa sekunde.

Dawa ilianza kupatikana zamani kidogo. Mwaka 2018, mfumo wa FRVSR uliacha kuitupa fremu iliyokwisha kukuzwa: uliisogeza kufuata mwendo wa vitu, kisha ukaitumia kukuza fremu inayofuata. Ufa ukishachorwa, unabaki palepale. Mwaka 2021, BasicVSR ikaongeza kupitia video pande zote, mbele na nyuma.

Lakini mwendo ukikadiriwa vibaya, kosa nalo hurithiwa. Mkono wa anayecheza densi unaacha mzimu nyuma yake.

Maoni yangu? Usihukumu kwa skrinshoti. Icheze, ukodolee macho kitu kisichosonga. Na kanda asili usiitupe: ile sura ya nyanya yenye chenga ndiyo yake. Hiyo safi, nusu ni makisio.