Miaka Mingi Juu ya Shamba Inageuka Haki Wakati Gani?

Katika mikutano yetu ya memba, ulizo moja linarudi kila mara. Yule aliyebakia kijijini anasema: "Nimelima hapa miaka makumi mbili, nani atanitoa?" Yule aliyerudi naye anajibu: "Mimi nilikimbia vita, sikuuza." Kila mmoja ameshika kipande cha sheria moja ya zamani sana.

Waroma wa kale waliandika katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili kwamba mtu akikaa na shamba miaka 2, linakuwa lake. Sababu zao zinaeleweka hata leo. Mashahidi wanakufa na karatasi zinapotea, kwa hiyo kesi lazima iwe na mwisho. Shamba nalo lisibaki pori juu ya mtu asiyelijali. Na mwenye shamba akiona mwingine anajenga, anapanda, na yeye ananyamaza tu, kimya chake kinahesabiwa kama kukubali.

Lakini muda peke yake haukutosha. Sheria zilizotoka kwa Waroma zinadai mtu akae kwa amani, waziwazi, bila kukatiza, na akae kama mwenye mali. Aliyeingia kwa ruhusa hahesabiwi. Sisi wa Bushi tunajua hiyo tofauti bila kusoma Kiroma. Mwenye kalinzi alipewa shamba na mwami au shefu kwa kutoa ngombe, na linarithiwa. Mwenye bwasa ameazimwa tu, ndiyo maana kwa kawaida anakatazwa kupanda ndizi au kahawa: mimea ya kudumu ingeonyesha kwamba anajifanya mwenye shamba. Akilima bwasa hata miaka 40, bado ni bwasa. Waroma pia walikataa kwamba mali iliyonyanganywa kwa nguvu iweze kupatikana kwa kupita miaka.

Sasa tuangalie ngambo ya Ruzizi. Mwaka 1972 watu wengi wa Burundi walikimbilia Tanzania, na mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yakachukuliwa na wengine, mara nyingi kwa kugawiwa na Leta yenyewe. Sheria ya ardhi ya 1986 ilisema miaka 30 inatosha kumpa mkaaji haki, na 15 kama aliingia kwa nia njema. Ukihesabu kutoka 1972, miaka 30 iliisha 2002, na wakimbizi wengi walikuwa bado ngambo. Lakini Mapatano ya Arusha ya 2000 yalikuwa yameahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa ardhi yake au atalipwa. Komisyo ya ardhi iliyoundwa 2006, CNTB, ilianza kwa kugawanya mashamba mengi kati ya pande mbili. Kuanzia 2011, chini ya uongozi mupya, ikaelekea kumrudishia mkimbizi shamba lote. Waliolipa kwa nia njema wakalalamika, na hasira ikapanda upande wa pili.

Rwanda walichagua njia ingine. Mapatano ya Juni 1993 juu ya kurudisha wakimbizi yalipendekeza kwamba aliyetoka nchini zaidi ya miaka 10 asidai shamba lililokaliwa na wengine, na Leta imtafutie ardhi ingine.

Shida ya njia zote mbili ni ile sababu ya kimya. Mkimbizi ananyamaza kwa sababu hawezi kufika tribinali, na wanasheria wana kanuni ya zamani: muda haukimbii juu ya mtu asiyeweza kudai. Lakini mtoto aliyezaliwa juu ya lile shamba naye hakunyanganya mtu. Ndiyo maana kugawanya au kulipa kunarudi kila mara mezani.

Na huku kwetu Kongo? Sheria ya Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi na haupatikani kwa kupita miaka. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa. Kwa hiyo miaka makumi mbili ya jembe haimpi mtu sertifika. Inamsaidia tu kuonyesha kwa shefu na kwa majirani kwamba yuko pale kweli.

Muda wa kuogopa huku ni mufupi zaidi: miaka 2. Ikipita tangu sertifika itolewe, sheria inasema haigusiki tena, na aliyepoteza anabakia na njia ya kudai malipo. Mtu anaweza kurudi Bukavu, akute parsele yake ina sertifika ya mwingine ya mwaka jana, na akae akingojea mazungumzo ya familia mpaka mlango ufungwe. Ukisikia parsele yako imepimwa, uliza kwanza kwa ofisi ya ardhi tarehe iliyoandikwa juu ya sertifika. Kama miaka 2 haijaisha, peleka upinzani kwa maandishi na tafuta avoka. Mazungumzo na familia yaendelee, lakini karatasi itangulie.