Dhahabu katika Mali ya Mkazi wa Kajiado: Kinga Dhidi ya Nini?

Mali ya familia nyingi za Kitengela na Kajiado ni ploti na ng'ombe. Ukame ukikaza, kama ulivyokaza 2021 na 2022, ng'ombe waliokonda huuzwa kwa bei ya kutupa kwenye soko la Bissil, na ploti haiuziki kwa wiki moja. Hapo dhahabu ina hoja yake: bei yake haifuati mvua ya Kajiado. Lakini anayeinunua kama kinga aulize kwanza inamkinga na nini.

Njia rahisi ya kuinunua ni mfuko wa Absa NewGold, ulioorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2017. Unanunuliwa kupitia dalali wa hisa, bila hofu ya kuuziwa vipande vya shaba. Wauzaji na wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza laweza kuwa pana.

Bei ya dhahabu hupangwa kwa dola, nasi tunahesabu kwa shilingi. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia moja ilikuwa takriban dola 2,040, na dola moja shilingi 160, yaani shilingi 326,000 hivi. Kufikia mwisho wa Juni wakia ilikuwa imepanda hadi dola 2,330, ongezeko la asilimia 14. Shilingi nayo ilikuwa imejikaza hadi 129, hivyo wakia ile ile ikawa na thamani ya shilingi 300,000 hivi. Mnunuzi wa Kitengela alipoteza karibu asilimia 8 huku magazeti yakisifu dhahabu. Dhamana za Hazina za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16 kwa mwaka.

Aliyevumilia alilipwa baadaye, kwani Oktoba 2025 wakia ilivuka dola 4,000. Ila mfugaji mwenye mifugo inayokufa hawezi kusubiri mwaka na zaidi. Kwa hiyo fedha za nyasi, maji na karo zisiwe dhahabu kabisa.

Kiasi gani, basi? Chukua shilingi milioni moja inayobaki baada ya akiba ya dharura, bila kuhesabu ploti wala ng'ombe. Asilimia 5 ni shilingi 50,000. Dhahabu ikianguka kwa asilimia 30, hasara ni shilingi 15,000, jambo la kuvumilika. Dola ikipanda kutoka 130 hadi 160 bila bei ya wakia kubadilika, faida ni shilingi 11,500 tu. Anayetaka kinga ya kweli dhidi ya shilingi kudhoofika atahitaji sehemu kubwa zaidi, na hapo kuyumba kwa bei ya dhahabu kutamtesa kuliko shilingi yenyewe. Kwangu, asilimia 5 hadi 10 ya fedha hizo yatosha. Ikipita 10 kwa sababu bei imepanda, iuzwe ziada, hata kama soko lote linanunua.