Swala, Zamu na Jua la Nyanda za Juu: Kupanga Ratiba Bila Kuacha Pengo Kazini

Mzozo wa swala kazini, katika miji kama Mbeya na Iringa, kwa kawaida huzungumzwa kama suala la ruhusa. Mfanyakazi anaomba, msimamizi anatoa au ananyima, na kila mmoja anarudi nyumbani na kinyongo chake. Makala hii inashikilia kwamba ruhusa si mahali pa kuanzia. Pa kuanzia ni ratiba ya zamu. Ratiba nyingi za nyanda hizi zimekosea jambo la awali kabisa, nalo ni saa ambayo jua hupinduka.

Tanzania nzima hutumia saa moja, ile ya mstari wa nyuzi 45 mashariki. Mbeya iko karibu na nyuzi 33 na nusu, na Iringa karibu na 35 na robo tatu. Kila nyuzi moja kuelekea magharibi huchelewesha jua kwa dakika 4. Kwa hiyo jua la Mbeya hufika katikati ya anga, kwa wastani wa mwaka, saa 6:46 mchana, la Iringa saa 6:37, na la Dar es Salaam saa 6:23. Juu ya wastani huo kuna mabadiliko ya msimu. Mwanzoni mwa Novemba adhuhuri ya Mbeya huingia karibu saa 6:30, na katikati ya Februari huingia saa 7:00 kamili au dakika moja baadaye.

Sasa chukua mapumziko ya mchana ya saa 6:00 hadi saa 7:00, yaliyopangwa na makao makuu yaliyoko Dar es Salaam. Dar, mapumziko hayo hukutana na adhuhuri mwaka mzima. Iringa, ifikapo Februari, hubaki dakika 9 tu. Mbeya hazibaki hata kidogo: mapumziko yanakwisha wakati swala inaingia. Mfanyakazi anayeonekana mtoro saa 7:10 alikuwa amekaa bure kwa saa nzima akisubiri wakati ambao haukuwa umefika. Kusogeza mapumziko yawe kati ya saa 7:00 na saa 8:00 hakumgharimu mwajiri dakika hata moja, na kwa swala ya adhuhuri ya siku za kawaida kunamaliza ugomvi wote.

Nasema siku za kawaida kwa sababu swala tano hazibani ratiba kwa kiasi kimoja. Adhuhuri ina nafasi ya zaidi ya saa 3, kisha inaingia alasiri ambayo hudumu hadi jua kuzama. Isha ni pana zaidi. Mtu aliye zamuni anaweza kuzisali hizi wakati wowote kazi inapopumua, peke yake au na mwenzake mmoja. Swala yenyewe huchukua dakika 5 hadi 7. Kinachokula muda ni njia ya kuifikia. Muuguzi anavua glavu na aproni, anatafuta bomba, anatia udhu kwa maji ya Julai ya Mbeya ambayo hukata vidole, anatoka kwenda msikitini, anarudi, ananawa upya kabla ya kumgusa mgonjwa. Msikiti ukiwa umbali wa dakika 10, swala ya dakika 6 imegeuka kutokuwepo kwa nusu saa. Mkeka na bomba katika kona ya chumba cha kubadilishia nguo hurudisha muda huo wodini. Mkeka huo ni kifaa cha kazi, na uhesabiwe hivyo.

Zinazobana kweli ni mbili: magharibi na Ijumaa.

Magharibi hubana kwa sababu huangukia makabidhiano. Mahali pengi penye zamu za saa 12, walinzi na viwanda kwa mfano, zamu hubadilishana saa 1:00 jioni. Jua la Mbeya huzama kati ya saa 12:34, mwezi Mei, na saa 1:14, mwishoni mwa Januari, na wakati wa magharibi hudumu kiasi cha saa moja na dakika chache hadi wekundu wa magharibi uondoke. Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Novemba jua huwa limezama kufikia saa 12:45 hivi. Katika miezi hiyo anayetoka ndiye apewe dakika 10 kabla ya kukabidhi, kwani akisubiri amalize makabidhiano na apande daladala, wakati utampita njiani. Januari na Februari mambo hugeuka: anayetoka ataondoka kabla ya magharibi kuingia, na anayeingia ndiye asali mara tu baada ya kupokea zamu. Desemba na Machi ni miezi ya kutazama kalenda. Kanuni ni moja tu: makabidhiano yenyewe yasikatwe katikati, maana taarifa iliyoachwa nusu kati ya zamu mbili ndiyo huzaa dozi mbili au dozi iliyosahaulika. Tahadhari nyingine ni ya milima. Jua likijificha nyuma ya mlima halijazama, na katika mji uliozungukwa na vilele tofauti hiyo inaweza kuwa ya dakika kadhaa. Kalenda iliyokokotolewa kwa ajili ya Mbeya yenyewe ni salama kuliko jicho, na ni salama zaidi kuliko simu iliyowekewa nyakati za Dar es Salaam.

Ijumaa inahitaji mfano kamili. Tuchukue wodi ya kufikirika yenye wauguzi 6 zamu ya asubuhi, saa 1:30 hadi saa 9:30, ambayo haiwezi kuendeshwa na watu chini ya 4. Maana yake ni kwamba wawili wanaweza kutoka kwa wakati mmoja, na watu 6 wanapumzika kwa mafungu matatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inampa mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Sheria hiyo haitaji swala hapo, lakini haisemi pia kwamba saa hiyo lazima iwe moja kwa wote.

Hotuba ya Ijumaa, kwa madhehebu ya Shafi ambayo Waislamu wengi wa Tanzania huyafuata, haisomwi kabla jua halijapinduka. Kwa Februari ya Mbeya hilo lina maana ya saa 7:00 na kitu. Ongeza hotuba, rakaa mbili, umati mlangoni na mwendo wa kurudi, na dakika 60 zinakuwa pungufu. Kinachovunja ratiba ni kujidanganya kwamba zinatosha. Muuguzi aliyetazamiwa saa 8:00 anafika saa 8:15, na saa 8:00 mchana ndiyo saa ya dawa kwa wagonjwa wanaotumia dozi tatu kwa siku za saa 12:00 asubuhi, saa 8:00 mchana na saa 4:00 usiku. Basi fungu la Ijumaa liandikwe kwa urefu wake wa kweli. La kwanza saa 5:45 hadi 6:45. La pili, la wanaokwenda msikitini, saa 6:50 hadi 8:10. La tatu saa 8:15 hadi 9:15, robo saa kabla ya makabidhiano. Wodini hawapungui 4 hata dakika moja, na dawa za saa 8:00 zinagawiwa na 4 waliotajwa majina, si na yeyote atakayekuwepo. Dakika 20 zilizozidi zinaandikwa katika hesabu na kulipwa kwa kuja mapema siku hiyo hiyo.

Je, wanaokwenda wakiwa watatu? Hapo wanabaki watatu wodini, na jibu haliwezi kupatikana saa 7:00 mchana. Hupatikana wiki mbili kabla, ratiba inapoandikwa: wasiwekwe zaidi ya wawili katika asubuhi ya Ijumaa, wengine wapangiwe zamu ya jioni, ambao mchana ni wao. Hofu ya wasimamizi hapa huwa kubwa kuliko hesabu yenyewe. Ijumaa ni wajibu wa wanaume wakazi, si wa wanawake, na uuguzi wetu una wanawake wengi ambao watasali adhuhuri kwa nafasi yake. Lakini kuna mtego. Msimamizi akizoea kuwatupa Waislamu zamu ya usiku wa kuamkia Ijumaa ili mchana wawe huru, amewanyima usingizi kwa sababu ya dini yao, na kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo kinakataza ubaguzi wa namna hiyo. Usiku uzunguke kwa wote.

Wapo wanaoshauri jumuiya ndogo isali Ijumaa yake hapo hapo kazini. Kwa Shafi haitoshi: hutakiwa wanaume wakazi 40. Pia kuna kazi ambazo hazina wa kushika nafasi, kama mlinzi wa peke yake au muuguzi aliye katikati ya upasuaji. Hao wana udhuru unaotambuliwa na wanazuoni, kama ule wa anayemuuguza mgonjwa asiye na mwingine, nao husali adhuhuri rakaa nne. Lakini udhuru ni wa siku ya dharura. Mwajiri aliyeshindwa kupanga ratiba asiufanye kuwa desturi ya kila wiki.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wafanyakazi wenzao wasiokwenda kusali: kwa nini hawa watoke na sisi tubaki? Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikutana nalo mwaka 1977, katika shauri la mwalimu Ahmad wa London, aliyekosa darasa kwa kiasi cha dakika 45 kila Ijumaa. Alipewa chaguo la mkataba wa siku 4 na nusu, akajiuzulu, akashtaki, akashindwa. Dakika 45 zilipimwa kwa kipimo cha nusu siku. Naamini kipimo hicho kilikuwa kibaya. Nyanda za Juu Kusini tuna nafasi ya kupima vizuri zaidi, kwa sababu Wakristo ndio wengi na mahitaji hayagongani. Mwislamu hahitaji Jumapili asubuhi, ambayo Mlutheri, Mmoraviani na Mkatoliki huihitaji. Msabato anahitaji kuanzia jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi. Daftari moja la dakika, linaloonyesha nani alimshikia nani na lini, hutuliza manung'uniko kuliko hotuba yoyote ya kuvumiliana.

Na ratiba ikishindwa, itaonekana wapi? Msimamizi achukue kadi za dawa za miezi 3, alinganishe saa zilizotiwa saini kwa dozi ya saa 8:00 siku za Ijumaa na za Jumanne. Zikifanana, hakuna pengo, hata kama wapo wanaolalamika. Ijumaa zikisomeka 8:40 na 8:50, pengo lipo, hata kama hakuna aliyelalamika. Mbeya na Iringa zina kila kinachohitajika kulifanya hili wiki hii: kalamu, kadi, na kalenda ya jua la mji wenyewe.