Ushahidi wa Dai

Wanaoandika matangazo ya fedha na ya dawa wana neno la kazi walilolichukua kutoka Kiingereza cha sheria: sabstanshieshen. Maana yake ni kuwa na cha kuonyesha kwa kila unachowaambia watu, na kuwa nacho kabla hujawaambia. Kwa Kiswahili napendekeza tuseme ushahidi wa dai. Ithibati lingefaa, ila limekwisha kuzoeleka kwa vyuo na maabara zinazotambuliwa rasmi. Uthibitisho nalo humfanya mtu adhani kazi hiyo inaweza kungoja mpaka mteja alalamike. Ushahidi ni kitu cha kushikika: leseni, mkataba, hesabu zilizokaguliwa.

Tuala, kati ya Rongai na Kitengela, ni mahali pazuri pa kuuona uzito wa istilahi hii. Aliyeuza kipande cha shamba hupata hela nyingi kwa mkupuo mmoja, na wanaozitaka humfikia upesi kwa vijikaratasi na ujumbe wa simu. Tuchukue tangazo la mfano, la sako ya kubuni: “Tumesajiliwa na serikali. Akiba yako ina bima. Pata asilimia 12 kila mwaka.” Huenda aliyeliandika hakukusudia kumdanganya mtu, lakini kila sentensi ina tatizo lake.

Ya kwanza ni kweli isiyotosha. Kusajiliwa na Kamishna wa Ushirika huipa sako uhai wa kisheria tu. Kupokea amana ambazo mwanachama anaweza kuzitoa apendapo, kama benki, kunahitaji leseni ya SASRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Sako ya 2008. Leseni hiyo ni ya mwaka mmoja, na SASRA huchapisha orodha ya walio nayo. Kwa hiyo ushahidi wa dai una tarehe. Kijikaratasi kilichokuwa sahihi Novemba kinaweza kuwa cha uongo Januari, na mwenye sako lazima akiondoe mitaani.

Ya pili ni mbaya zaidi. Shirika la Bima ya Amana Kenya hulinda amana za benki na za benki ndogo za mikopo, hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika benki moja. Akiba za sako hazimo. Mara nyingi bima iliyopo kwenye sako ni ile ya mkopo, inayolipa deni mwanachama akifariki. Mwandishi aliyesikia neno bima ofisini akaliweka kwenye akiba amemwahidi mzee wa Tuala kinga asiyokuwa nayo. Angeandika, “Mkopaji akifariki, bima hulipa salio la mkopo wake,” kisha aweke nakala ya mkataba wa bima kwenye faili.

Hiyo asilimia 12 inataka hesabu. Sako hulipa gawio kwa hisa na riba kwa amana, na viwango hivyo aghalabu hutofautiana. Tuseme mwaka uliopita gawio lilikuwa asilimia 12 na riba asilimia 7. Mwenye hisa za 20,000 na amana za 100,000, akilisoma tangazo lile, atatarajia 14,400. Atakacholipwa, kabla ya kodi, ni 2,400 na 7,000, yaani 9,400. Tena viwango huidhinishwa na mkutano mkuu baada ya hesabu kukaguliwa, kwa hiyo maneno “kila mwaka” hayawezi kupata ushahidi wowote. Kinachoweza kusemwa ni kilichokwisha kulipwa: mwaka gani, kiwango gani kwa hisa, kiwango gani kwa amana, na kwamba mwaka ujao vinaweza kushuka.

Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 haiishii kwenye uongo mtupu. Kutia chumvi na kunyamazia jambo la msingi pia ni kosa, na mteja anaweza kuuvunja mkataba.

Kwenye dawa mtego ni mwingine: ushuhuda. Mama anasimama na kusema sukari yake ilishuka alipokunywa mchanganyiko fulani. Anaweza kuwa anasema kweli tupu kuhusu mwili wake, naye ana haki ya kushukuru. Lakini muuzaji akiyachapisha maneno yake, yamekuwa dai la muuzaji, na hapo tunauliza: wangapi walikunywa, wangapi hawakupona, na je, aliendelea na vidonge vya hospitali? Matangazo ya dawa kwa umma yanahitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu, na shukrani za mgonjwa mmoja hazichukui nafasi ya idhini hiyo.

Ukipewa kijikaratasi cha sako, omba leseni ya SASRA ya mwaka huu na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Aliyekupa asipokuonyesha, usimpe hela zako.