Bei ya 96.00: punguzo na mavuno katika dhamana za Hazina

Mfanyabiashara anayenunua mpunga Majimoto na Usevya hukusanya mzigo kuanzia Mei, baada ya mavuno ya Mpimbwe, na akiuza vizuri, kufikia Novemba fedha zake zimerudi mkononi. Msimu mwingine uko miezi sita mbele. Fedha hizo akiziacha kwenye akaunti ya kawaida pale Mpanda mjini zitalala bure, na akikopesha watu huenda asizipate Mei anapozihitaji. Kwa mtu wa namna hii, dhamana ya Serikali ya siku 182 inaingia karibu sawasawa kwenye pengo la msimu wake. Tatizo ni kwamba karatasi ya benki humwambia bei, thamani na asilimia kwa pamoja, na namba hizo tatu hazionekani kukubaliana.

Tuanze na jina. Magazeti na mabenki ya Tanzania husema dhamana za Serikali za muda mfupi, kuzitofautisha na hati fungani, ambazo ni za miaka. Jina hilo limeshakaa, ingawa neno dhamana humpeleka msikilizaji kwenye mahakama au kwenye nyumba iliyowekwa rehani. Hapa hakuna kitu kilichowekwa rehani, bali Serikali imekopa na kuahidi kulipa tarehe fulani. Hawala lingekuwa neno la karibu zaidi na asili yake. Uingereza ilipoanza kutoa karatasi hizi mwaka 1877, kwa ushauri wa mwandishi wa uchumi Walter Bagehot, ziliundwa kwa mfano wa hawala za wafanyabiashara: karatasi isemayo kiasi fulani kitalipwa siku fulani, na mwenye haraka aweza kuiuza kabla ya siku hiyo kwa bei pungufu. Lakini hawala nayo imekwisha kuwa jina la kutuma fedha, kwa hiyo nitabaki na dhamana.

Dhamana hizi hutolewa kwa siku 35, 91, 182 na 364. Benki Kuu ya Tanzania huziuza kwa mnada, na mtu binafsi anaweza kuingia akiwa na kiasi kisichopungua shilingi 500,000, akipitia benki ya biashara au dalali wa dhamana. Hakuna riba inayolipwa katikati. Unalipa pungufu leo, siku ya kuiva unapokea thamani kamili iliyoandikwa, na tofauti ndiyo faida yako. Tofauti hiyo ndiyo punguzo.

Bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za thamani. Tuseme mnunuzi wetu anataka dhamana ya thamani ya shilingi milioni 10, siku 182, na zabuni yake imekubaliwa kwa bei ya 96.00. (Bei hii na zitakazofuata ni za mfano wa hesabu tu.) Atalipa 9,600,000, na siku ya kuiva atapokea 10,000,000. Amepata 400,000.

Hapo ndipo watu wengi husema amepata asilimia 4, kwa kugawanya 400,000 kwa milioni 10. Lakini yeye hakutoa milioni 10. Hizo ni fedha ambazo hakuwahi kuwa nazo hadi siku ya kuiva. Alichotoa mfukoni ni 9,600,000, na 400,000 kwa hizo ni asilimia 4.17. Tena asilimia hiyo ni ya siku 182 tu, ilhali riba za benki husemwa kwa mwaka, kwa hiyo ili ilinganishike nazo tunaizidisha kwa 365 na kuigawanya kwa 182. Jibu ni asilimia 8.36 kwa mwaka. Punguzo lenyewe likihesabiwa kwa mwaka juu ya thamani iliyoandikwa lingetoa 8.02. Dhamana ni moja na shilingi ni zile zile, lakini kigawanyo kimebadilika.

Namba hii ya 8.36 ndiyo inayohitaji jina la Kiswahili. Wengi huiita riba, nalo si kosa kubwa, ila neno hilo humfanya mtu angoje malipo yasiyokuja. Wengine husema faida, lakini faida ni zile 400,000 zenyewe. Mimi napendelea kiwango cha mavuno, na Katavi neno hili halihitaji maelezo marefu: mkulima wa mpunga akisema amevuna magunia 60 hajakueleza kitu mpaka ataje ekari alizolima. Magunia ni faida, magunia kwa ekari ni mavuno. Katika dhamana ekari zina pande mbili: fedha ulizotoa, na siku ulizoziacha.

Upande wa siku ndio unaodanganya zaidi. Chukua dhamana ya siku 364, thamani ile ile ya milioni 10, kwa bei ya 92.40. Mnunuzi analipa 9,240,000 na kupata faida ya 760,000. Aliyezoea kuhesabu shilingi ataiona hii kuwa bora kuliko ile ya 400,000. Lakini 760,000 kwa 9,240,000, zikipelekwa kwenye mwaka wa siku 365, ni asilimia 8.25, chini kidogo ya ile ya miezi sita. Haimaanishi kwamba ya miezi sita ndiyo bora daima, maana ikiiva itabidi fedha ziingie mnada mwingine ambao bei yake haijulikani leo. Kwa mnunuzi wa mpunga, hata hivyo, swali hilo limejibiwa na Mei.

Kosa la pili hutokea kwenye fomu ya zabuni. Bei na mavuno hupingana: moja ikipanda, nyingine inashuka. Anayeandika 95.50 badala ya 96.00 anadai mavuno ya asilimia 9.45. Mnada hukubali kwanza wenye bei ya juu, yaani wanaoridhika na mavuno madogo, kisha hushuka mpaka kiasi kinachokubaliwa kifikiwe. Anayeandika bei ya chini mno huachwa nje, na anayeandika ya juu mno kwa kudhani bei kubwa ndiyo faida kubwa hupata dhamana, lakini hulipa bei yake aliyoiandika.

Halafu kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya faida. Katika mfano wetu ni 40,000, na mavuno yanayobaki ni asilimia 7.52. Matangazo ya minada hutaja mavuno kabla ya kodi, kwa hiyo namba ya kulinganisha na akaunti ya muda maalumu ni lazima iwe imekatwa kodi pande zote mbili.

Mwisho, mavuno ya 8.36 ni ya anayesubiri hadi siku ya kuiva. Tuseme siku ya 91 lori limeharibika na fedha zinatakiwa, na wakati huo wanunuzi sokoni wanadai asilimia 10 kwa mwaka. Kwa siku 91 zilizobaki watakubali bei ya takriban 97.57, yaani karibu 9,756,750 kwa dhamana nzima. Mwenye dhamana bado ametoka na ziada ya kama 156,750, ila mavuno yake, kabla ya kodi na ada ya dalali, ni asilimia 6.55 kwa mwaka. Kama soko lingekuwa linadai pungufu ya kutosha kuliko alivyonunulia yeye, angeuza kwa bei nzuri zaidi na kuvuna zaidi ya 8.36, kwa karatasi ile ile yenye thamani ile ile ya milioni 10.